Mchango badala ya mkopo: Jinsi ya kuchangisha pesa za dharura na kuzitunza kwa haki

Simu inaingia usiku. Mtoto ameanguka kutoka kwenye bodaboda, mfupa wa paja umevunjika, na daktari anasema anahitaji upasuaji nje ya kambi. Asubuhi unaambiwa kiasi cha pesa ambacho familia yako haijawahi kukishika kwa wakati mmoja. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kwenda kwa mwenye duka au kwa mtu anayekopesha.

Kabla hujaenda, soma makala haya. Tunaeleza jinsi ya kufanya mchango, ambao Wakenya wengi huuita harambee, kwa ajili ya dharura ya familia. Tunatumia mfano wa familia inayoishi Kakuma au Kalobeyei, katika Kaunti ya Turkana. Hesabu zilizomo ni za mfano tu, lakini hatua ni zile zile kwa mkimbizi na kwa mwenyeji.

Kwa nini usikimbilie mkopo?

Mkopo wenyewe si kitu kibaya. Ukikopa kununua bidhaa za kuuza, bidhaa hizo zinaweza kukurudishia pesa. Lakini mguu uliovunjika hauingizi chochote. Pesa inatumika siku moja, na deni linabaki kwa familia ambayo kipato chake hakijaongezeka.

Tuseme umekopa shilingi 20,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni shilingi 4,000 kila mwezi. Ukiweza kulipa riba tu, baada ya miezi mitano utakuwa umetoa shilingi 20,000, na bado unadaiwa zile 20,000 za mwanzo.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye karatasi. Familia nyingi hapa huchukua chakula dukani kwa deni, na baadhi huacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri kwa mwenye duka. Mkopo wa hospitali ukiongezwa juu ya deni hilo, pesa ya msaada ikiingia inatolewa na mtu mwingine kabla wewe hujajua kiasi kilichoingia. Huwezi tena kuchagua duka lenye bei nafuu, kwa sababu kadi yako iko kwa mtu mmoja. Usimpe mtu yeyote kadi, namba ya siri wala hati yako ya ukimbizi kama dhamana.

Mchango hauna riba. Lakini nao una deni lake: watu wamekuamini. Ukiharibu imani hiyo, familia itakayopata msiba baada yako ndiyo itakayoumia, kwa sababu watu watasema, "Wa mwisho tuliwachangia, hatukujua pesa zilikwenda wapi."

Je, kila shida inafaa kuchangiwa?

Hapana. Mchango unafaa kwa jambo la ghafla, la mara moja, lenye kiasi kinachojulikana: upasuaji, mazishi, nyumba iliyoungua au iliyobebwa na mafuriko ya laga. Karo ya kila muhula, chakula cha kila mwezi au mtaji wa biashara havifai. Kwa mahitaji hayo, chama cha kuweka akiba na kukopeshana ni bora zaidi. Jamii inayoombwa kila wiki huchoka, na mwenye dharura ya kweli akija hukuta mikono mitupu.

Hatua ya kwanza: jua kiasi halisi

Usitangaze chochote kabla ya kujibu maswali mawili.

Swali la kwanza: ni kipi ambacho tayari kinalipiwa? Ikiwa mgonjwa amepewa rufaa na hospitali ya kambini, baadhi ya gharama zinaweza kubebwa na shirika linalotoa huduma za afya. Nenda kwenye dawati la rufaa, uliza waziwazi: upasuaji unalipiwa na nani? Vyuma vya kuunganisha mfupa je? Usafiri je? Mlezi anayemsindikiza mgonjwa atakula nini? Wakati mwingine kinachobaki kwa familia ni nauli na chakula tu. Kuchangisha pesa kwa kitu ambacho tayari kimelipiwa, hata kwa kutojua, kutaonekana kama ulaghai.

Swali la pili: gharama iliyobaki ni kiasi gani kwa maandishi? Omba hospitali ikupe makadirio kwenye karatasi yenye muhuri, au yatumwe kwa simu kutoka ofisi ya malipo. Maneno ya mtu aliyekutana nawe kwenye korido hayatoshi.

Kumbuka pia kibali cha kusafiri. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, mkimbizi anayetoka katika eneo alilopangiwa anahitaji kibali kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Anza kukishughulikia siku ile ile, kwa mgonjwa na kwa mlezi, ukiwa na barua ya rufaa. Kuna familia zinazopata pesa zote halafu zinakwama kwa sababu mlezi hana kibali.

Sasa andika bajeti. Katika mfano wetu, mgonjwa anapelekwa Eldoret na hali iko hivi:

- Amana ya upasuaji na vyuma: shilingi 45,000
- Vipimo na dawa: shilingi 6,000
- Nauli ya mgonjwa na mlezi, kwenda na kurudi: shilingi 8,000
- Chakula cha mlezi, siku 10 kwa shilingi 400: shilingi 4,000
- Ada za kutuma pesa na dharura ndogo: shilingi 2,000

Jumla ni shilingi 65,000. Familia ina akiba ya shilingi 3,000, na imeuza mbuzi mmoja kwa shilingi 6,000. Mama ni mwanachama wa chama, na chama hicho kina mfuko wa jamii, ambao haurudishwi na hautozwi riba. Kimempa shilingi 6,000. Hivyo familia ina shilingi 15,000. Kinachoombwa kwa watu ni shilingi 50,000.

Tangaza pia kile ambacho familia imetoa yenyewe. Watu hutoa kwa moyo zaidi wanapoona mwenye shida amejisaidia kwanza.

Hatua ya pili: chagua watu watatu

Kosa linaloharibu michango mingi ni kumwachia mtu mmoja kila kitu. Anapokea pesa, anaandika, analipa, na anatoa taarifa. Hata akiwa mwaminifu kabisa, siku hesabu zikikosa shilingi 500 hana shahidi wa kumtetea.

Gawa kazi kwa watu watatu ambao hawatoki katika nyumba moja.

Mweka hazina ndiye anayepokea pesa kwenye laini yake. Mwandishi ana daftari na anaandika kila kinachoingia na kutoka, lakini hashiki pesa. Msimamizi huongea na familia na hospitali, na ndiye anayeidhinisha malipo. Hakuna malipo yanayofanyika mpaka mwandishi na msimamizi wote wakubali.

Je, baba au mama wa mgonjwa anaweza kuwa mweka hazina? Ni vyema asiwe. Mtu aliye hospitalini na mtoto anayelia hawezi kutunza hesabu. Zaidi ya hapo, watu wanaomdai watajua pesa ziko kwake. Mwenye duka anaweza kumfuata na kusema, "Nipunguzie deni langu kwanza." Pesa zikiwa kwa mtu mwingine, mzazi anaweza kujibu kwa ukweli kwamba hana.

Mchanganyiko wa watu pia ni muhimu. Ikiwa majirani zako ni Wakongo, Wasudani Kusini, Wasomali na Waturkana, usiwachague wote watatu kutoka jamii moja. Jirani wa jamii nyingine akiona mtu wao yuko kwenye kamati, hatahitaji kuuliza pesa zinakwenda wapi.

Mjulishe kiongozi wa bloku, au mzee wa kijiji ikiwa unaishi mjini. Mpe nakala ya makadirio na majina ya watu watatu. Hahitaji kushika pesa, wala hastahili kupewa "chai" kutoka kwenye mchango. Kazi yake ni kuthibitisha, mtu akimuuliza, kwamba shida ni ya kweli.

Hatua ya tatu: kagua laini ya simu

Hapa kuna mambo matatu ambayo watu wengi huyagundua wakiwa wamechelewa.

Jambo la kwanza ni jina. Mtu anapotuma pesa kwa M-Pesa, jina la mwenye laini huonekana kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. Wakimbizi wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki mwenyeji. Mchangaji akiona jina asilolijua, ataacha kutuma. Hatari kubwa zaidi ni kwamba laini ikifungwa au simu ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yule tu mwenye kitambulisho kilichotumika kuisajili. Tumieni laini ambayo mweka hazina ameisajili kwa hati yake mwenyewe.

Jambo la pili ni deni la Fuliza. Ikiwa mweka hazina ana deni la Fuliza, pesa zozote zinazoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo, bila kumuuliza. Shilingi 500 ya jirani inaweza kulipa deni la mtu ambaye si mgonjwa. Kabla ya kutangaza namba, mweka hazina aonyeshe wenzake kwamba hana deni, na aandike salio lililokuwepo. Bora zaidi salio liwe sifuri, ili pesa zake zisichanganyike na za mchango.

Jambo la tatu ni ujumbe wa uongo. Kuna walaghai wanaotuma ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, halafu wanapiga simu: "Nimekosea, nirudishie." Msirudishe pesa kwa kusoma ujumbe tu. Angalieni salio kwanza. Kama salio halijapanda, hakuna pesa iliyoingia. Na kama kweli mtu amekosea namba, mwambieni afuate utaratibu wa Safaricom wa kurudishiwa, yaani kupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456.

Hatua ya nne: tangaza bila kumvunjia mgonjwa heshima

Ujumbe mzuri ni mfupi, na unajibu kila swali ambalo mtu angeuliza. Unaweza kuandika hivi:

"Majirani na ndugu, mtoto wa familia moja ya bloku yetu amevunjika paja na anahitaji upasuaji. Hospitali imekadiria, na gharama yote pamoja na nauli ni shilingi 65,000. Familia na chama chao wametoa 15,000. Tunaomba msaada wa kutafuta 50,000 kabla ya Ijumaa jioni. Hakuna kiwango; kila kiasi kinapokelewa. Tuma kwa mweka hazina, namba hii, jina litakaloonekana ni hili. Karatasi ya hospitali iko kwa kiongozi wa bloku kwa anayetaka kuiona. Taarifa ya hesabu itatolewa kila jioni. Pesa zikibaki, zitatumika kwa marejeo ya daktari, na salio litaingia mfuko wa matanga wa bloku."

Angalia sentensi ya mwisho. Amueni mapema kitakachofanyika pesa zikizidi, na mkiseme kwenye tangazo. Mkisubiri hadi zizidi, kila mtu atakuwa na maoni yake.

Ujumbe huu hauna picha ya mtoto, jina lake wala ripoti ya daktari. Picha ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp, haitoki tena, na walaghai huichukua wakaitumia na namba yao. Mambo mengine hayapaswi kutajwa kabisa, kwa mfano maradhi ambayo mgonjwa hataki yajulikane, au mtu aliyefanyiwa ukatili. Katika hali hizo sema tu "gharama za hospitali", na mgonjwa mwenyewe, au mzazi wake, akubali kila neno kabla halijatumwa.

Mchango wa aina hii ni wa watu wanaofahamiana: bloku, kanisa, msikiti, chama, ndugu. Kama mnataka kuzunguka sokoni au mjini na bakuli, ulizeni kwanza ofisi ya chifu, kwa sababu Kenya ina sheria inayosimamia makusanyo ya pesa hadharani.

Hatua ya tano: pokea kila kitu kwa maandishi

Daftari linahitaji safu nne tu: tarehe, aliyetoa, kiasi, na njia aliyotumia. Kwa M-Pesa, mwandishi anakili pia namba ya muamala. Kwa pesa taslimu, mtoaji aweke sahihi au alama ya kidole mbele ya mwandishi, kisha pesa hizo ziwekwe kwa wakala kwenye laini ya mweka hazina jioni ile ile. Pesa taslimu isilale nyumbani kwa mtu. Bloku nzima inajua kuna mchango, na mwizi pia anajua.

Vitu vipokelewe pia. Mama anayeleta kilo mbili za unga kwa watoto waliobaki nyumbani amepunguza matumizi ya familia. Aandikwe kama wengine. Na kwa wenye uwezo mdogo, waelezeni kwamba kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakutozwi ada. Hivyo mwenye shilingi 50 hana sababu ya kuona aibu au kuogopa makato.

Sasa tuzungumzie haki kwa wanaotoa. Katika makundi mengi, orodha ya majina na viasi hutumwa kila saa. Kwa wengine hiyo inatia moyo. Lakini mama ambaye mgao wake wa chakula umepunguzwa akiona jina lake mwishoni na shilingi 30, au asipoliona kabisa, anadhalilika. Huenda akaenda kukopa ili achangie, na hapo mtakuwa mmeondoa deni kwenye nyumba moja na kulipeleka kwenye nyingine.

Njia ya katikati ni hii: kila jioni tangazeni jumla na idadi ya waliotoa. Kila mtu apate ujumbe wake binafsi wa kuthibitisha kwamba pesa yake imefika. Daftari lenye majina libaki kwa mwandishi, na yeyote anaweza kuja kuangalia mstari wake. Kusiwe na kiwango cha lazima, kusiwe na orodha ya wasiotoa, na mtu asinyimwe msaada kesho kwa sababu leo hakuwa na kitu.

Hatua ya sita: lipa moja kwa moja

Pesa zikifika, zisipelekwe kwa familia kama fungu la noti. Hospitali nyingi zina namba ya Paybill. Mweka hazina alipe akiwa na mwandishi na msimamizi, aweke namba ya mgonjwa kama akaunti, na wote wasome jina la hospitali kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo. Namba ya Paybill ichukuliwe kwenye karatasi ya hospitali au ukutani kwenye ofisi ya malipo, si kwa mtu aliyepiga simu.

Pesa ya nauli na chakula itumwe kwa mlezi kwa awamu, tuseme kila siku tatu au nne. Mlezi atunze risiti au apige picha ya kila alichonunua. Hatuombi risiti ya kikombe cha uji. Akiandika matumizi madogo kwenye karatasi inatosha.

Hesabu za mfano wetu ziliishia wapi?

Baada ya siku sita, hali ilikuwa hivi:

- M-Pesa kutoka kwa watu 61: shilingi 31,400
- Pesa taslimu bloku: shilingi 9,850
- Kanisa: shilingi 5,000
- Wafanyabiashara wenyeji: shilingi 3,000
- Ndugu aliye ng'ambo: shilingi 8,000

Jumla ya mchango ni shilingi 57,250. Ukiongeza 15,000 za familia na chama, zote ni shilingi 72,250.

Matumizi yalikuwa haya: hospitali shilingi 47,600, kwa sababu upasuaji ulizidi makadirio kidogo, vipimo na dawa 5,150, nauli 8,000, chakula cha mlezi kwa siku 12 badala ya 10, shilingi 4,800, na ada 640. Jumla ni shilingi 66,190. Salio ni shilingi 6,060.

Wiki sita baadaye mtoto alirudi kwa daktari Lodwar. Nauli ilikuwa shilingi 4,000 na picha ya eksirei 1,200. Zilibaki shilingi 860, ambazo ziliingia mfuko wa matanga, kama ilivyosemwa kwenye tangazo.

Taarifa hii inatosha ukurasa mmoja. Isomwe kwenye mkutano wa bloku, nakala zibandikwe pale matangazo yanapowekwa, na itumwe kwenye makundi yote yaliyopokea ombi. Angalia kwamba haijaficha yaliyokwenda tofauti na bajeti. Siku mbili zilizoongezeka zimesemwa na zimeelezwa. Taarifa ambayo kila kiasi kinalingana na makadirio hadi shilingi ya mwisho ndiyo inayotia shaka.

Je, pesa zisipotosha?

Mwisho wa muda uliotangazwa, semeni ukweli: tulitaka 50,000, tumepata 32,000. Kisha msimamizi aende ofisi ya malipo au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na kuomba kulipa kwa awamu, akiwa na daftari mkononi. Pengo lililobaki linaweza kukopwa kwenye chama, lakini sasa unakopa 18,000 badala ya 50,000, kwa watu wanaokujua, bila kuacha kadi. Kwa njia hii mchango umepunguza deni hata kama haujaliondoa.

Je, mgonjwa akifariki kabla ya pesa kutumika?

Hili ni gumu, lakini hutokea. Pesa zilitolewa kwa matibabu. Kamati isiamue peke yake kuzihamishia mazishi. Lipeni kwanza bili ya hospitali iliyobaki. Kisha watangazieni wachangaji: "Zimebaki kiasi hiki, tunapendekeza zisaidie mazishi, asiyekubali atuambie kabla ya kesho jioni arudishiwe." Karibu wote watakubali. Lakini kuulizwa ni haki yao.

Je, ni dalili gani zinaonyesha mambo yameanza kuharibika?

Ziko tatu. Namba ya kutuma pesa inabadilishwa katikati bila maelezo ya msimamizi na kiongozi wa bloku. Taarifa ya jioni inaruka siku moja, kisha mbili. Mweka hazina anasema "nimezitumia kidogo, nitazirudisha mwisho wa mwezi." Hata kama anarudisha, hapo tayari amejikopesha pesa za mgonjwa.

Ukiona dalili hizi, usianze na kelele kwenye kundi. Muombe mwandishi alinganishe daftari na taarifa ya M-Pesa ya laini ile, ambayo mweka hazina anaweza kuiomba kupitia *334#. Zisipolingana, peleka jambo kwa kiongozi wa bloku na wazee. Kiasi kikiwa kikubwa na hakuna maelewano, ripoti polisi au kwenye dawati la ulinzi la shirika lililo karibu nawe.

Na familia isiyo na watu?

Familia iliyokaa hapa miaka kumi, yenye kwaya, ndugu ng'ambo na rafiki wenye maduka, itapata shilingi 50,000 kwa wiki moja. Mama aliyefika mwezi uliopita na watoto watatu, asiyejua lugha ya majirani zake, anaweza kupata shilingi 2,000 kwa ugonjwa ule ule. Tukiacha michango ifuate urafiki peke yake, wanaohitaji zaidi ndio watakaopata kidogo.

Bloku inaweza kurekebisha hili kabla dharura haijaja. Kubalianeni mambo mawili kwenye mkutano. La kwanza, kila familia yenye dharura iliyothibitishwa ipate tangazo la aina moja, la muda sawa, kwenye makundi yale yale, likitafsiriwa kwa lugha za bloku. La pili, salio la kila mchango liingie mfuko mmoja, na mfuko huo uwe wa kwanza kwa wasio na ndugu. Zile shilingi 860 za mfano wetu ni kidogo. Lakini mgeni aliye dawati la rufaa leo, asiye na nauli ya bodaboda ya kumfikisha kwenye basi, zingemfikisha.

Chukueni jina la mwandishi na namba ya mweka hazina kwenye mkutano wa bloku unaokuja, wakati hakuna aliyelazwa. Siku simu ya usiku itakapoingia, mtakuwa na daftari na watu watatu tayari.